Hesabu ya gari: kukodi, mkataba au kununua?

Baada ya swala ya Ijumaa alinifuata ofisini kijana mmoja wa Korogwe, akiwa na jambo ambalo alikwisha kuliamua nusu. Yeye na dada zake wawili walikuwa wameuza shamba la marehemu baba yao. Mama alikwisha kupokea thumuni yake, na zilizobaki zilikuwa shilingi milioni 16: milioni 8 zake, na milioni 4 za kila dada. Alikuwa ameona gari dogo la mizigo, kirikuu, likiuzwa milioni 15.

"Ustadh," aliniambia, "nikilinunua leo, Jumatatu naanza kazi."

Kazi yenyewe ni nzuri. Vifurushi vinashushwa na mabasi ya Dar es Salaam, Tanga na Arusha pale stendi ya Korogwe, na wenye maduka wa Handeni huvisubiri. Barabara ya lami kati ya miji hiyo miwili ina urefu wa kilometa 65. Kijana alikuwa tayari ameshughulikia leseni ya kusafirisha vifurushi, ambayo hutolewa na TCRA nayo ni mbali na ile ya gari la mizigo inayotolewa na LATRA. Alichokuwa hajafanya ni kuketi na karatasi.

Tukaketi nayo. Kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini ni kama kilometa 150 kwa siku. Gari likienda kilometa 12 kwa lita, na petroli tukiikadiria shilingi 3,200, mafuta yanakula 40,000. Kijana wa kushusha mizigo, ushuru na mafuta ya injini tukaviwekea 15,000. Siku ya kawaida alitarajia kupokea 110,000, basi zinabaki 55,000. Kwa siku 26 za kazi ni 1,430,000 kwa mwezi. Lakini masika ikishika, wakulima hawana fedha na maduka hayaagizi. Tukakadiria mapato ya siku 85,000. Gharama hazipungui, kwa hiyo zinabaki 30,000, yaani 780,000 kwa mwezi. Nilimwomba aitazame zaidi namba hii ya pili, kwa kuwa ndiyo inayoamua.

Njia ya kwanza ni kukodi kwa hesabu. Kuna mfanyabiashara aliyekuwa tayari kumpa gari kwa 25,000 kila siku ya kazi, ambazo ni 650,000 kwa mwezi. Bima, leseni ya gari, matairi na injini ni juu ya mwenye gari, na siku gari likilala gereji hesabu hailipwi. Mwezi mzuri kijana anabaki na 780,000. Mwezi wa masika anabaki na 130,000 tu, fedha isiyotosha hata chakula cha nyumba, lakini hadaiwi.

Njia ya pili ni ile ambayo waendesha bodaboda wameizoea, gari la mkataba. Analipa 35,000 kwa siku kwa miezi 24, kisha gari linakuwa lake. Jumla ni 21,840,000 kwa gari la milioni 15, na matengenezo yote ni yake tangu siku ya kwanza. Mwezi mzuri atabaki na 520,000 kabla ya fundi. Masika ikija atapungukiwa na 130,000 kila mwezi. Hapo ndipo vijana wengi huanguka: hesabu hukosekana wiki mbili au tatu, mwenye gari hulichukua, na yote yaliyolipwa huhesabiwa kuwa kodi. Aliyefika mwezi wa 20 atakuwa amekwisha kutoa 18,200,000, na kadi ya gari bado ina jina la mwingine.

Hapa fiqhi na mfuko vinasema jambo moja. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Riyadh mwaka 2000, lilijadili ijara inayoishia kwenye umiliki. Lilikataa uuzaji na ukodishaji kufungwa kwa pamoja juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Liliruhusu ijara ya kweli, ambayo uhamishaji wa umiliki una mkataba wake wa peke yake, na hasara ya kitu iko juu ya mwenye kukikodisha, isipokuwa mkodi amevuka mipaka au amezembea. Kwa hiyo mtu akiletewa mkataba wa namna hii aulize swali moja tu kwanza: injini ikifa bila kosa langu, nani analipa? Akijibiwa "wewe", ajue kwamba anabebeshwa mzigo wa mwenye mali ilhali mali si yake.

Njia ya tatu ni kununua. Hakuna hesabu ya kupeleka, ila tuliona ni lazima kutenga 250,000 kila mwezi kwa bima, leseni, matairi na fundi. Mwezi mzuri zinabaki 1,180,000, na wa masika 530,000. Kijana akatabasamu. Nikamwomba asubiri kidogo, maana gari linachakaa. Likiuzwa milioni 9 baada ya miaka mitatu, limepoteza milioni 6, ambazo ni kama 167,000 kwa mwezi. Gharama halisi ya kumiliki ni basi 417,000, dhidi ya 650,000 za kukodi. Kununua bado kunashinda, kwa 233,000 hivi kila mwezi.

Tatizo lilikuwa kwingine. Akitoa milioni 15, anabaki na milioni moja ya kuhamisha umiliki na kulipia bima. Bima ndogo, ambayo sheria inailazimisha, humlipa mtu wa nje aliyedhuriwa; hailitengenezi gari lako. Injini ya mtumba na fundi tuliviwekea milioni 3. Ikifa mwezi wa nne, gari ni lake, kazi imesimama, na nusu ya fedha iliyolala pale gereji ni ya dada zake.

Kadi je, itaandikwa jina la nani? Hilo hakuwa amelifikiria. Alisema dada zake hawana neno. Nikamwambia waje waseme wenyewe.

Walikuja, na mkubwa wao akauliza lililo sahihi: "Kaka, gari likifanya kazi, sisi tunapata nini, na lini?"

Tulikubaliana kwamba akodi kwanza, Januari hadi Juni, ili masika impitie akiwa na gari la mtu, na milioni 16 zisiguswe na yeyote. Aprili aliwahi kubaki na pungufu ya 130,000, na gari lililala gereji siku tano ambazo hakuzilipia. Pia aligundua kwamba safari ya Jumanne ilikuwa tupu, akaiunganisha na ya Jumatano.

Julai walinunua kirikuu nyingine, bodi yake imechoka lakini injini imepimwa na fundi wao wenyewe, kwa milioni 13. Milioni 3 zimebaki benki. Kadi ina jina la kaka, lakini mezani kwangu waliandika na kutia saini mbele ya mashahidi kwamba gari na akiba ni mali ya watatu: nusu, robo na robo. Na biashara hulilipa gari hesabu ya 650,000 kila mwezi, kama ilivyomlipa yule mfanyabiashara. Zinatolewa 250,000 za fundi na bima. Katika 400,000 zinazobaki, kaka anachukua 200,000 na kila dada 100,000. Faida ya kazi yenyewe ni ya kaka, kwa kuwa yeye ndiye anayeamka alfajiri kwenda stendi.