Mishale ya Haidrojeni

Mchoro wa viwango vya nishati vya haidrojeni ni mistari ya mlalo tu, lakini haikupangwa kwa nafasi sawa. Wa chini kabisa una nishati ya -13.6 elektroni-volti, wa pili -3.4, wa tatu -1.51, na wa nne -0.85. Kadiri unavyopanda ndivyo mistari inavyosongamana. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba elektroni imefungwa kwenye kiini. Ikifika sifuri, iko huru.

Mshale unaoelekea chini ni elektroni inayoshuka, na nishati iliyopungua hutoka kama chembe moja ya mwanga. Chukua mshale wa kutoka kiwango cha tatu hadi cha pili. Tofauti yake ni 1.89. Gawanya 1240 kwa 1.89, upate urefu wa wimbi: nanomita 656 hivi, mwanga mwekundu. Mshale wa kutoka cha nne hadi cha pili ni mrefu zaidi, 2.55, nao hutoa nanomita 486, buluu ya kijani.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza: mshale mrefu hutoa wimbi fupi.

Johann Balmer, mwalimu wa Uswisi, alipata kanuni ya mistari hiyo mwaka 1885 bila kujua chanzo chake. Viwango vyenyewe vilielezwa na Niels Bohr mwaka 1913.

Mshale ukielekea juu, elektroni imemeza mwanga. Ndiyo maana katika wigo wa Jua, penye nanomita 656, pana mstari mweusi.