Grupu la Darasa, Lugha Sita

Katika miji ya Marekani inayopokea wakimbizi, darasa la Kiingereza la watu wazima huweza kumketisha Mkongo mzungumzaji wa Kiswahili karibu na Msomali, Mnepali na mtu wa Guatemala. Wote huwa na grupu moja la WhatsApp, na humo Kiingereza ndicho lugha yao ya pamoja.

Tuseme Mkongo wetu anataka kujua kama Jumatatu kuna kipindi. Anaandika "Hi", kisha anangoja aitikiwe, kwani kwao shida haitajwi kabla ya kujuliana hali. Haitikiwi. Simu 20 zimelia, na wenye simu hizo nao wanangoja kusikia kuna nini. Katika grupu la Kiingereza, salamu na haja huja kwa ujumbe mmoja: "Hi everyone, is there class on Monday?" Hapo ameshatimiza adabu yote, na mmoja tu akijibu yatosha. Hata "How are you?" ikitumwa kwa kundi zima, haiwalazimu watu 20 kujibu kila mmoja kwa zamu yake.

Mwalimu akijibu kwamba kipindi kipo, emoji ya dole gumba juu ya ujumbe wake inatosha kuonyesha umesoma.

Lakini dole hilo lina mambo. Kwa desturi ya Iran, ishara hiyo ya mkono ilikuwa tusi. Kanada nako, mwaka 2023, mahakama ya Saskatchewan iliamua kwamba dole alilotuma mkulima kujibu picha ya mkataba lilikuwa sawa na sahihi yake, akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za nchi hiyo. Kosa baya zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, hutokea msibani: uso unaotoa machozi ya kicheko hudhaniwa kuwa unalia, ukabandikwa kwenye taarifa ya kifo. Penye msiba afadhali maneno: "I'm so sorry for your loss."

Kuondoka nako kuna utaratibu. Tangu Agosti 2022, anayetoka WhatsApp hutangazwa kwa maadmini pekee, ingawa jina lake hubaki kwa siku 60 katika orodha ya waliotoka, na wenzake wanaweza kuliona. Kwa hiyo kutoka kimyakimya si siri kamili, na ukitoka mara baada ya mabishano au tangazo la mchango, watu watajaza sababu wenyewe. Ujumbe mfupi huondoa shaka: "I'm changing classes, so I'm leaving this group. Thank you all, and good luck!" Subiri saa chache wakuage, ndipo utoke.

Na kama kinachokuchosha ni milio tu, usitoke: bonyeza "Mute". Grupu halipewi taarifa yoyote.