Ujumbe wa Malipo Unapochelewa Njiani

Mteja ananunua viatu kwenye duka la mtandaoni linalotumia Stripe. Saa 4:02 asubuhi kadi yake inakataliwa. Saa 4:04 anajaribu tena, inakubali. Kila mara Stripe huitumia seva ya duka ujumbe: kwanza `payment_intent.payment_failed`, kisha `payment_intent.succeeded`. Lakini haiahidi kwamba zitafika kwa mpangilio huo, na ujumbe mmoja unaweza kuja mara mbili.

Ule wa kukataliwa ukifika saa 4:09, duka linaloamini ujumbe wa mwisho litaandika kuwa oda haijalipwa, na viatu havitatumwa.

Dawa ni kuhifadhi kila ujumbe, kupuuza wenye `id` iliyokwisha kupokelewa, na kuzipanga kwa `created`, yaani wakati tukio liliposajiliwa. Sekunde zikilingana, iulize Stripe hali ya malipo yenyewe.