Mkia wa Damu: Nusu Sekunde Inayomwonyesha Mchezaji Alichopoteza

Mchezaji wa Dark Souls, gemu iliyotoka mwaka 2011, akipigwa rungu na jitu, upau mwekundu wa damu ulioko juu kushoto mwa skrini hukatika papo hapo. Kipande kilichokatwa lakini hakitoweki. Kinabaki pale kwa rangi ya njano, kinatulia kidogo, kisha kinarudi nyuma mpaka kinaufikia wekundu uliosalia. Wachezaji wengi hawajawahi kukitazama kwa makusudi, ila ndicho kinachowaambia pigo lile lilikuwa zito kiasi gani.

Sababu yake iko machoni. Katikati ya pambano mchezaji hautazami upau wa damu. Anamtazama adui, mkono wake na upanga wake. Jambo jipya likitokea pembeni, jicho huhitaji takriban sehemu ya tano ya sekunde kabla halijaanza kulielekea. Upau ukiwa umekwisha kufupika, jicho hufika na kukuta kilichobaki tu. Mchezaji anaona kwamba ana nusu ya damu, ila hajui kama sekunde moja iliyopita alikuwa na damu tele au alikuwa na nusu na ushei. Mkia wa njano unamsubiri. Unaiweka hasara mahali pake hadi jicho lifike.

Kwa mtengenezaji, huo si upau mmoja bali ni pau mbili zilizolaliana. Wa mbele unaonyesha damu ya kweli na hubadilika mara tu pigo linapoingia. Wa nyuma, wenye rangi nyingine, unabaki ulipokuwa, unangoja, halafu unashuka taratibu kuufuata wa mbele. Kinachoonekana kama mkia ni ile sehemu ya upau wa nyuma ambayo wa mbele hauifuniki tena.

Kazi ngumu iko kwenye muda wa kungoja. Tuseme mpiganaji ana damu 1000 na upau wake una upana wa pikseli 400. Anachapwa mapigo matatu mfululizo: la kwanza linakula 120, la pili, baada ya sekunde 0.3, linakula 90, na la tatu, kwenye sekunde 0.6, linakula 150. Mtengenezaji amepanga mkia ungoje sekunde 0.6 kisha ushuke kwa sekunde 0.4. Iwapo saa ya kungoja inahesabiwa tangu pigo la kwanza, mkia utaanza kushuka wakati uleule pigo la tatu linapoingia. Upau wa mbele unaruka, wa nyuma unateleza, na jicho halijui lishike lipi.

Dawa yake ni kuianzisha saa upya kila pigo linapoingia. Hapo mkia unasimama tuli mapigo yote matatu yakipita, na unangoja hadi sekunde 1.2 ndipo ushuke. Kwa kitambo hicho chote cha mwisho mchezaji anaona kipande kimoja cha pikseli 144, yaani damu 360, na anatambua kwamba mfululizo ule umemnyang'anya zaidi ya theluthi ya uhai wake. Hasara ya mapigo matatu imekuwa umbo moja linalosomeka kwa kutupia jicho.

Katika Godot, programu ya bure ya kutengenezea gemu, kazi hiyo inaandikwa kwa mistari michache ambayo huitwa kila damu inapopungua:

```
if mkia:
    mkia.kill()
mkia = create_tween()
mkia.tween_interval(0.6)
mkia.tween_property(upau_nyuma, "value", damu, 0.4)
```

Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayosahaulika. Bila kuuzima mwendo wa zamani, pigo la pili linaanzisha mwendo wa pili huku wa kwanza bado unaendelea. Miwili hiyo inagombania upau mmoja, kila mmoja ukiuvuta kwenye thamani yake, na mkia unaanza kushuka kabla saa ya pigo la mwisho haijaisha. Mtengenezaji akiona mkia unashuka mapema pale mapigo yanapofuatana tu, lakini unakwenda sawasawa kwa pigo moja moja, basi aanzie hapo.

Dawa ya kuongeza damu nayo ina utaratibu wake. Mchezaji akinywa dawa na upau wa mbele ukaupita wa nyuma, wa nyuma lazima uletwe palepale ulipo wa mbele bila kungoja. Usipoletwa, unabaki umejificha chini. Pigo linalofuata linaweza kuukatisha upau wa mbele na mkia usionekane kabisa, au uonekane mfupi kuliko hasara yenyewe. Huo ni uongo, na unamdhuru mchezaji wakati anapohitaji ukweli kuliko wakati wowote.

Sumu huleta tabu ya namna nyingine. Inakula damu kidogo kila nusu sekunde, na kila inapokula saa inaanza upya. Saa ikiwa ni ya sekunde 0.6, haifiki mwisho. Mkia unarefuka bila kushuka, na baada ya muda unabeba hasara ya zamani sana ambayo haina maana tena. Njia iliyo nyoofu ni kuiacha sumu ipunguze pau zote mbili kwa pamoja na kuuachia mkia mapigo halisi peke yake. Wengine huweka kikomo, kwa mfano sekunde 2 tangu pigo la kwanza, na zikifika mkia unashuka hata kama mapigo bado yanaingia.

Kuna kosa lingine kubwa zaidi, nalo ni kuupa mkia ahadi usiyoitimiza. Mwaka 2015 watengenezaji walewale wa Dark Souls, FromSoftware, walitoa Bloodborne. Humo mchezaji akipigwa hubaki kipande cha rangi ya machungwa ambacho kwa macho kinafanana sana na ule mkia wa njano. Maana yake ni tofauti kabisa: mchezaji akimrudishia adui mapigo upesi, anaweza kukirejesha kipande hicho. Kinaposhuka, kinachoyeyuka ni nafasi yake ya kujiokoa. Aliyezoea Dark Souls akikiona anaweza kurudi nyuma na kujificha, wakati gemu inamtaka asonge mbele. Gemu yenye damu ya namna zote mbili, iliyokwenda na inayorejesheka, haina budi kuzitofautisha kwa rangi na kwa mwendo pia.

EarthBound, iliyotoka Japani mwaka 1994 kwa jina la Mother 2, ilikwenda mbali zaidi. Mhusika akipigwa, tarakimu za uhai wake huzunguka na kushuka moja moja, kama za mita ya maji. Hata pigo la kuua halimwui mpaka zifike sifuri. Mchezaji akimaliza pambano au akimtibu kabla ya hapo, mhusika anaishi. Kule kuchelewa ndiyo sheria yenyewe ya gemu, kwa hiyo kushusha uhai polepole kunasema kweli. Kwenye gemu ambayo pigo linaua papo hapo, kuuteremsha polepole upau wa mbele kunamfanya mchezaji afe huku skrini ikimwonyesha kwamba bado ana damu.

Kujua kama mambo yamekaa sawa, mtengenezaji hurekodi skrini na kuipitia fremu kwa fremu. Upau wa mbele unatakiwa ufupike kwenye fremu ileile ambayo pigo linaonekana kugusa mwili. Kisha anaiondoa rangi kwenye video na kuitazama kwa weusi na weupe. Mkia mwekundu juu ya upau wa kijani hupotea kirahisi katika jaribio hilo, na hupotea vivyo hivyo kwa mchezaji asiyetofautisha nyekundu na kijani. Ndiyo maana mkia wa njano hafifu au mweupe juu ya wekundu uliokoza huwafaa watu wengi zaidi: hata rangi zikiondoka, mmoja unang'aa na mwingine umefifia.