Tuve, hice, dije: mpangilio uliojificha

Mwanafunzi wa Kihispania akishazoea hablé, "nilizungumza", na comí, "nilikula", hushtuka kukuta tener, "kuwa na", likisema tuve badala ya tení. Lakini vitenzi hivi vina mpangilio wake.

Kwanza, shina hubadilika mara moja tu. Tener huwa tuv-, kisha miisho huja: tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron. Miisho hiyo hiyo hutumika kwa wenzake wote. Katika tuve na tuvo mkazo huwa kwenye shina, ndiyo maana hakuna alama juu ya herufi ya mwisho. Ukiandika tuvé, umechanganya na kundi la hablé.

Pili, yapange mashina kwa sauti. Yenye u: tuve, estuve, pude, puse, supe. Yenye i: hice, vine, quise. Yenye j: dije, traje, conduje. Kundi la j lina mtego mmoja: wao "walisema" ni dijeron, si dijieron, kwa kuwa i humezwa baada ya j. Nalo hice hugeuka hizo kwa "alifanya", ili matamshi yasibadilike kuwa "iko".

Ukijua tuve, umepata pia detuve na mantuve, maana detener na mantener yamejengwa juu ya tener.

Fui liko peke yake: fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron. Ni la ser, "kuwa", na ir, "kwenda", kwa pamoja. Fui a Madrid ni "nilienda Madrid". Fui maestro ni "nilikuwa mwalimu". Kihusishi a, kinachoonyesha uendako, ndicho kinachotofautisha sentensi hizi.