Kipengele Kipya Mtandaoni: Uingie Lini, Utoke Lini?

Agosti 2020 Instagram ilizindua Reels katika nchi zaidi ya 50. TikTok ilikuwa imeshawavuta vijana wengi kwenye video fupi, na Instagram ilitaka kuwazuia wasihame. Tatizo lake lilikuwa moja: ukurasa mpya wa video hauna maana kama hauna video. Kampuni ikikwama hapo, hulipa kwa sarafu iliyo nayo kwa wingi, yaani macho ya watu. Anayetangulia kutumia kipengele kipya mara nyingi huonyeshwa kwa watu wasiomfuata, tena bila kulipia tangazo.

Kwa biashara ndogo yenye wafuasi 1,500, ambayo picha zake huonwa na sehemu tu ya wafuasi hao, hiyo ni fursa ya kweli. Lakini hutolewa kwa haja ya mtandao, na haja hiyo ikiisha, nayo huisha. Vilevile si kila kipengele hufika mbali. Kwa hiyo mwenye biashara ana maswali mawili ya kujibu kabla hajatoa muda wake: hiki kina dalili ya kudumu? Na nikikosea, nitakuwa nimepoteza kiasi gani?

Dalili za kutazama

Linganisha Reels na ndugu yake aliyetangulia, IGTV. Hiyo ilizinduliwa Juni 2018 kwa ajili ya video ndefu za wima: dakika 10 kwa akaunti za kawaida, hadi saa nzima kwa akaunti kubwa. Ilikuwa na programu yake ya pembeni, na ndani ya Instagram ilikuwa na kitufe chake. Kwa fundi au mpishi, kujaza dakika hizo kulidai kupanga maneno, kurekodi upya na kuhariri, kazi ya siku nzima. Na watazamaji hawakwenda. Januari 2020 Instagram ilikiondoa kitufe cha IGTV kwenye ukurasa wa kwanza, ikieleza kwamba ni watu wachache sana waliokuwa wakikibonyeza. Oktoba 2021 jina lenyewe liliachwa.

Reels ilikwenda njia nyingine. Ilianza na video za sekunde 15, ndani ya programu ambayo watu walikuwa wakiifungua kila siku. Novemba 2020 ikapewa kitufe katikati ya safu ya chini ya skrini, mahali ambapo kidole gumba hufika bila kutafuta.

Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni makazi: kipengele kinachokaa pale watu walipo tayari kina nafasi kuliko kinachowataka wahamie kwingine. Ukiona kitufe kinasogezwa katikati, jua kampuni imekitilia nguvu. Ukiona kinasogezwa pembeni au kuondolewa, nguvu hiyo inapungua. La pili ni kazi: kipengele kinachotaka sekunde 15 za jambo unalolifanya kila siku ni rahisi kujaribu kuliko kinachokutaka uwe mtangazaji wa televisheni.

Hata hivyo, kitufe hueleza anachotaka mwenye mtandao, hakielezi watakachopenda watu. Mabadiliko yaleyale ya Novemba 2020 yaliweka pia kitufe cha Shop, cha kununulia bidhaa, kwenye safu hiyo ya chini. Mapema 2023 kitufe hicho kiliondolewa. Twitter nayo ilileta Fleets duniani kote mwezi huohuo wa Novemba 2020, zikafungwa Agosti 2021. Kwa kuwa hakuna dalili isiyokosea, kinga ya biashara ndogo ni kufanya jaribio ambalo likishindwa haliitikisi.

Hesabu ya mshona mikoba

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama anayeshona mikoba ya kitenge Dar es Salaam na kupokea oda kwa WhatsApp. Kila mkoba humwachia faida ya shilingi 10,000. Kwa wiki hutumia saa nne kupiga picha, kuziposti na kujibu wateja, akapata oda sita. Hiyo ni faida ya 60,000, sawa na 15,000 kwa saa.

Anaongeza video mbili fupi kwa wiki. Wiki ya kwanza zinamchukua saa sita. Video moja inaonwa na watu 9,000, ilhali picha zake huonwa na watu 600. Oda zilizotokana na video ni tatu tu: faida ya 30,000, yaani 5,000 kwa saa. Kwa nini watu wengi hivyo walete oda chache? Kwa sababu video husukumwa kwa yeyote anayependa ushonaji, awe Mwanza, Lagos au Mumbai, na wengi wao hawawezi kuletewa mkoba na bodaboda.

Angeishia hapo angesema video hazilipi. Angetazama watu 9,000 peke yake angesema zinalipa sana. Hukumu zote mbili zingekuwa za haraka. Anabadilisha mambo mawili. Anaacha kuigiza, anaweka simu kwenye stendi huku akishona oda alizonazo, na kazi inashuka hadi saa mbili. Kisha anataja bei na jiji lake ndani ya sekunde za mwanzo, ili aliye karibu ajue anazungumziwa. Wiki ya sita oda za video bado ni tatu, lakini kwa saa mbili: 15,000 kwa saa, sawa na picha, na wanunuzi ni watu wapya. Sasa kuna sababu ya kuendelea.

Amejuaje oda zipi zimetoka kwenye video? Kila video inamwambia mteja aandike neno fulani anapotuma ujumbe WhatsApp. Usitegemee takwimu za mtandao pekee, maana kipengele kipya mara nyingi huja bila vipimo kamili. Reels ilianza kupewa ripoti zake za kina Mei 2021, miezi tisa baada ya kuzinduliwa.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni kuokoa muda kwa kupakua video yako kutoka TikTok na kuipandisha kwingine ikiwa na nembo. Februari 2021 Instagram ilitangaza kwamba video zenye nembo za programu nyingine zingepungukiwa nafasi ya kupendekezwa kwenye Reels. Tunza video ghafi kwenye simu, kisha pandisha nakala safi kila mahali. Kipengele kikifa, video bado ni yako.

Wa pili ni kuacha kilichokulisha. Januari 2023 mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alikiri kwamba mwaka uliotangulia walizidisha video na kuzibana picha, na kwamba walikuwa wakirudisha uwiano. Aliyekuwa ameacha kabisa picha alilazimika kubadili mwendo tena kwa uamuzi asioshirikishwa.

Kwa hiyo ingia mapema pale kipengele kinapokaa ndani ya programu ambayo wateja wako wanaitumia tayari, na pale unapoweza kukilisha kwa kazi unayoifanya hata bila mtandao. Punguza muda wako wa kuposti kwa kiasi unachoweza kukipoteza, na andika tarehe ya kupima, wiki sita mbele, kabla ya video ya kwanza. Siku hiyo hesabu oda na saa. Faida kwa saa ikiwa bado iko chini ya ile ya picha na haipandi, acha, hata kama watazamaji ni maelfu. Na wale waliokuja kununua, waombe ruhusa uhifadhi namba zao, kwa sababu hao unaweza kuwafikia kesho bila kupitia mlango wa kampuni yoyote.