Mkopaji Mbele ya Kant

Mtu amebanwa na shida. Anataka kukopa fedha, naye anajua fika kwamba hatalipa. Ila asipoahidi kulipa, hapati kitu. Aahidi? Mfano huu Immanuel Kant aliutoa mwaka 1785, katika kitabu chake kuhusu msingi wa metafizikia ya maadili.

Kwanza mtu huyo aiseme wazi kanuni anayoifuata: nikikwama, nitakopa kwa ahadi nisiyokusudia kuitimiza. Kisha aifikirie kuwa sheria ya watu wote. Hapo inajivunja yenyewe: kila aliyekwama akiahidi hivyo, hakuna atakayeamini ahadi ya mkopaji, na hila inayotegemea kuaminiwa inakosa pa kushika.

Wanafunzi wengi huteleza hapa. Hudhani Kant anahofia madhara, kwamba jamii itaharibika. La, anachotazama ni kujipinga: mkopaji anataka ahadi ziaminike, na papo hapo anataka sheria inayoziua. Amri yenyewe haina masharti. Haisemi usidanganye ukitaka kuaminiwa. Inasema usidanganye, basi.

Ugumu uko katika kuitaja kanuni. Ukiijaza vijimambo, “nikikwama siku ya Jumanne, nikiwa nimevaa kofia nyekundu,” itapita mtihani bila shida. Tundu hilo wakosoaji hawajaliachia hadi leo, na sioni kwamba wanamwonea.